Jumamosi Imo Ndani ya Mshahara

Chuma alikuwa mtu wa tumbo gumu. Kazini kwake, kwenye kiwanda kikubwa kinachofua shuka za hospitali na za mahoteli, alishaona mambo ambayo wengine wakisimuliwa tu hawali chakula cha mchana. Shuka zenye damu iliyoganda kama gundi, foronya zenye matapishi, mataulo ambayo hujui yamefuta nini wala hutaki kujua. Yote yalipita mbele yake akiwa anatafuna mkate. Jina la Chuma alipewa na wenzake wa chumba cha pasi, na hakuna aliyekumbuka tena kama lilitokana na ile mashine yenye rola mbili za moto aliyokuwa akiiendesha au na roho yake.

Lakini siku ya mshahara aliposhika ile slipu yake, mate yalimjaa mdomoni na ikabidi ameze mara mbili.

Mwezi ule alifanya kazi siku mbili tu. Siku nyingine zote, ishirini na nne, alikuwa kwenye likizo bila malipo akimuuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja wa mwili. Aliomba kwa barua, akapewa kwa barua, akajua kabisa kwamba atakatwa. Hakuwa na tatizo na hilo. Alichotegemea ni hela ya siku mbili, ya kulipia nepi za mgonjwa na mafuta ya kumkanda ili asitoke vidonda mgongoni.

Slipu ilisema: mshahara, laki tano na ishirini elfu. Makato ya kutokuwepo, laki tano na sabini na sita elfu. Na chini kabisa, kwenye kile kisanduku ambacho kila mtu hukimbilia kukiangalia kwanza, palikuwa na kimstari kidogo, kisha hamsini na sita elfu.

"Hiki kimstari ni nini?" alimuuliza kijana wa kukunja mataulo.

"Hasi hiyo, dada. Maana yake wewe ndiye unawadai... hapana. Wao wanakudai."

"Nimefanya kazi siku mbili, wananidai?"

"Ungekaa nyumbani na hizo mbili wangekudai zaidi," alisema kijana, akacheka, kisha akaona uso wa Chuma na kuacha kucheka.

Siku hiyohiyo aliitwa juu.

Juu ndiko ofisi zilikokuwa. Ngazi ishirini na kitu za chuma zilitenganisha watu wa aina mbili. Chini kulikuwa na mvuke, kelele, maji yanayotiririka sakafuni na joto la kukufanya usahau jina lako. Juu kulikuwa na kiyoyozi na zulia. Chini walifanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa sababu wagonjwa hawaachi kulala kwenye shuka eti ni Jumamosi. Juu walifanya Jumatatu mpaka Ijumaa. Na mshahara, kwa wale wa daraja moja, ulikuwa mmoja. Karani wa juu wa daraja la tatu alipata laki tano na ishirini. Mwendesha mashine ya pasi wa daraja la tatu alipata laki tano na ishirini. Meneja wa utumishi alikuwa amelitangaza jambo hilo kwenye mkutano kwa fahari kubwa, jasho likimtiririka, mkono kifuani: katika kampuni hii hakuna wa juu wala wa chini, sote ni sawa. Watu wa chini walipiga makofi. Chuma naye alipiga, mpaka viganja vikauma, na kila alipokumbuka makofi yale alitamani ajichape nayo mwenyewe. Tangu siku hiyo meneja aliitwa Bwana Usawa.

"Karibu, mama," alisema Bwana Usawa. Alikuwa amekunja leso nyeupe na kuishika karibu na pua, maana Chuma alipanda na harufu ya kazi yake. "Hili ni jambo dogo tu. Unasaini hapa kwamba unakubali deni, tunakukata mwezi ujao kidogokidogo, tena bila riba. Halafu unarudi kwenye mashine yako."

"Na nisiposaini?"

"Sasa mama, mtu mwenye deni asilolitambua, nitamrudishaje kazini? Mkaguzi atanielewa vipi?"

"Bosi, mimi nilikuja siku mbili. Nilipiga pasi shuka za wodi nzima. Hizo siku mbili zimeenda wapi?"

"Zimo humohumo kwenye hesabu."

"Hesabu gani inayomeza kazi na kutema deni?"

Bwana Usawa alitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kila siku ya kutokuwepo ni elfu ishirini na nne. Kwa wote. Mimi mwenyewe nilikataa mambo ya viwango viwiliviwili. Wa ofisini akikosa siku, ishirini na nne. Wa chini akikosa siku, ishirini na nne. Usawa. Muulize hata karani wa mishahara, si wifi yako yule?"

Ndiyo. Karani wa mishahara alikuwa wifi yake, dada wa mume wake. Na yule mgonjwa aliyeuguzwa na Chuma siku ishirini na nne, akageuzwa, akalishwa kwa kijiko, akasafishwa, alikuwa mama mzazi wa huyohuyo karani aliyekaa kwenye kiyoyozi na kubonyeza makato. Alikuwa meza ya tatu kutoka mlangoni, anaangalia kompyuta yake kama vile imemwita kwa jina.

Chuma hakusaini. Bwana Usawa alimpa mpaka Alhamisi afikirie, na mpaka hapo asiguse mashine.

Alipokuwa akitoka getini alimkuta Mzee Sabuni, mfuaji mkongwe kuliko wote, amekaa kwenye gogo la saruji na bahasha mapajani. Ilikuwa siku yake ya mwisho, anastaafu. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa za kufulia mpaka haikuwa na alama za vidole. Mashine ya kidole ya pale getini ilishakataa kumtambua miaka mingi, akawa anaandikwa kwa kalamu.

"Mwanangu, njoo unipongeze," alisema. "Nilikuwa na likizo yangu ya siku kumi na tano sijaila. Wameinunua kwa hela. Laki tatu taslimu!"

"Hongera, Mzee. Umeula." Chuma alipiga hatua mbili, akasimama. "Laki tatu kwa siku kumi na tano?"

"Ishirini ishirini. Nilimuuliza bosi mwenyewe, akaniambia ndiyo bei ya siku yangu. Siku ya mtu wa daraja la tatu."

"Mimi na wewe si daraja moja?"

"Daraja moja, mshahara mmoja, jasho moja."

"Mbona siku yangu wameikata kwa ishirini na nne?"

Mzee Sabuni alimwangalia. Kisha aliangalia bahasha yake. Kisha akaanza kuikunja polepole, akiibana, kama bahasha yenyewe imeanza kunuka. "Usiniambie," alisema. "Nimefurahi nusu saa tu katika miaka yote hii. Usiniambie."

Nyumbani walikaa pamoja, familia yote kwenye nyumba moja ya vyumba vitatu. Mume wa Chuma alikuwa safarini na lori lake, hurudi baada ya wiki. Jioni hiyo Chuma alimgeuza mama mkwe, akamkanda, akambadilisha. Alipomaliza alimkuta wifi yake mezani anakata mkate wa chai, kucha zake zimepakwa rangi mpya.

"Wifi," Chuma alisema, akivuta kiti, "umenipiga kisu ukaenda kupaka kucha?"

"Tuanze, basi," wifi alijibu bila kuinua uso. "Nilijua utaanza. Mimi sikutunga hesabu. Mimi nabonyeza ninachoambiwa nibonyeze. Na mimi pia nilikatwa! Ile siku niliyompeleka mama kwa daktari, nilikatwa ishirini na nne palepale."

"Siku moja! Mama amekuzaa kwa siku moja?"

"Usinitukanie uzazi wa mama yangu mezani."

"Nakutukania kazi yako. Mzee Sabuni amenunuliwa siku zake kwa ishirini. Yangu imekatwa kwa ishirini na nne. Sasa niambie, siku yangu mimi ni shilingi ngapi? Usinipe maneno ya bosi wako."

Wifi aliinua uso. Kisu kilisimama katikati ya mkate. Alikuwa mtu wa maringo, lakini hakuwa mjinga, na jambo hili lilikuwa limemkaa kooni siku nyingi kama mfupa. Akauchukua mkate wa pili uliokuwa mzima bado, akauweka sambamba na ule wa kwanza.

"Angalia, nisije nikarudia. Mshahara wako na wangu ni huu na huu. Mikate sawasawa, uzito mmoja. Mimi kwa mwezi nafanya kazi siku ishirini na mbili kasoro kidogo. Ukichukua mwaka mzima ukagawa kwa miezi, ndivyo inavyokuja. Kwa hiyo mkate wangu unakatwa vipande ishirini na mbili kasoro. Kila kipande ni elfu ishirini na nne. Wewe na Jumamosi zako unafanya ishirini na sita. Mkate uleule, vipande ishirini na sita. Kila kipande elfu ishirini."

"Kwa hiyo vyangu vyembamba."

"Vyembamba. Ni hesabu tu, wifi. Bosi akinunua likizo ya mtu wa chini, anatoa kipande chembamba. Na kwa mtu wa siku sita ndiyo sahihi."

"Na akikata?"

Wifi aliangalia mlangoni kana kwamba Bwana Usawa angeweza kuwa amesimama pale na leso yake. "Akikata anachukua kipande kinene. Cha mkate wangu. Kwa hiyo wewe amekukatia vipande vinene ishirini na vinne kwenye mkate wenye vyembamba ishirini na sita. Mkate umeisha kabla hajamaliza kukata. Ndiyo maana ukatoka na deni."

"Na hizo siku zangu mbili?"

"Kihalali ungepata elfu arobaini."

Chuma aliiangalia mikate ile miwili. Hamu yote ya kula ilimtoka. Kilichomtia kinyaa hasa hakikuwa elfu arobaini. Ni lile neno usawa, lilivyopakwa juu ya wizi kama marashi juu ya nepi isiyobadilishwa.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu alipoanza."

"Na wote waliofiwa, walioumwa, waliouguza watoto, wamekatwa hivyohivyo? Elfu nne za ziada kila siku?"

"Elfu nne kila siku."

"Na wewe unalala?"

"Wifi, nina kazi moja tu. Nikiipoteza unadhani nani ananunua dawa za mama?"

Kutoka chumbani mama mkwe alipiga ukuta kwa mkono wake mzima. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema anataka maji. Wifi alijiinamia. Chuma aliinuka akaenda.

Alikuwa amewasimulia wenzake ile mikate, na Alhamisi hakupanda peke yake. Chumba kizima cha pasi kilimfuata, na Mzee Sabuni pia, ambaye hakuwa tena mwajiriwa na kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza; alivaa shati lake la kustaafia. Walijaza ofisi ya juu mpaka kwenye ngazi. Bwana Usawa alitoa leso.

"Mmeacha mashine?"

"Zinapumua," alisema mtu kwa nyuma.

Chuma alisimama mbele ya meza. "Bosi, nieleze mbele ya watu. Siku ya Mzee Sabuni ni ishirini, yangu ni ishirini na nne?"

"Mama, unachanganya mambo mawili tofauti. Ile ya mzee ni malipo. Hii yako ni makato."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, na aliposikia maneno yake mwenyewe, akakohoa. Watu walitazamana. Mzee Sabuni akapiga goti lake: "Amesema! Jamani, amesema kwa mdomo wake! Kipande kikija kwetu kinakuwa chembamba, kikitoka kwetu kinanenepa!"

"Karani!" Bwana Usawa aliita. "Waeleze utaratibu."

Wifi alisimama. Vidole vyake vyenye kucha za rangi vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Chuma hakumtazama, alitazama zulia, na akawa anajiambia kwamba huyu akisema hesabu iko sawa, basi leo ndiyo mwisho wa kuitana wifi.

"Mtu wa siku sita," wifi alianza, "akikosa mwezi mzima, siku zote ishirini na sita, kwa kiwango tunachotumia anakatwa laki sita na ishirini na nne elfu."

"Eleza vizuri," alisema Bwana Usawa.

"Ndiyo vizuri yenyewe, bosi. Mshahara wake ni laki tano na ishirini. Hatujawahi kumlipa mtu yeyote wa chini laki sita na ishirini na nne. Tunawakata hela ambayo hatujawahi kuwapa."

Pale ndipo uso wa Bwana Usawa ulipobadilika rangi, na palepale ukarudi. Watu wa namna hii huwezi kuwashika. Ni kama sabuni ya mche iliyolowa. Alikaa, akaandika haraka, akaongea huku akiandika. Kumbe kulikuwa na hitilafu ya mfumo. Kumbe alikuwa anakusudia kurekebisha. Deni la mama limefutwa na arobaini elfu yake atapewa leo hii mkononi. Kuanzia mwezi huu siku ya mtu wa siku sita ni elfu ishirini, akilipwa au akikatwa. Ya mtu wa siku tano ni ishirini na nne, akilipwa au akikatwa. Itabandikwa ubaoni.

"Na za nyuma?" Chuma aliuliza. "Tulizokwisha kukatwa?"

"Za nyuma, mama, tusameheane."

"Tusameheane nini? Sisi tumekukosea wapi?"

Bwana Usawa alifungua droo. Alimkabidhi noti nne za elfu kumi. Zilinukia manukato ya leso, na Chuma alizikunja akaziweka mfukoni kwa ncha za vidole, yeye aliyekuwa hashikii kwa ncha za vidole hata shuka za chumba cha upasuaji.

Tangazo lilibandikwa chini, pembeni ya saa. Na hapo ndipo Bwana Usawa alipofanya kosa ambalo mtu aliyekaa muda mrefu juu ya zulia ndiye pekee anayeweza kulifanya. Alidhani watu watasoma na kuridhika kwamba sasa mambo yamenyooka. Kwenye karatasi yameandikwa kwa herufi nene, jedwali safi, safu mbili: wa siku tano, ishirini na nne elfu, wa siku sita, ishirini elfu.

Watu walisoma wakiwa wamesimama na maji yakiwachuruzika kwenye aproni. Yule kijana wa mataulo alisoma kwa sauti kwa ajili ya wasioona vizuri.

"Kwa hiyo hata akiacha kuiba," alisema mama mmoja wa mashine ya kukaushia, "siku yangu bado ni ya bei ya chini."

"Si mshahara ni mmoja?"

"Ni mmoja. Wao wanaumaliza Ijumaa."

Bwana Usawa alishuka mwenyewe kueleza, leso puani, akichagua pa kukanyaga ili asilowe viatu. Alieleza vizuri tu, kwa kweli. Mshahara wa mwezi ukiwa uleule na siku zikiwa nyingi, siku moja lazima iwe ndogo. Ni hesabu. Hata yeye hawezi kuibadilisha.

"Hesabu tumeielewa," Chuma alisema. "Tunauliza Jumamosi. Jumamosi tunalipwa ngapi?"

"Jumamosi imo ndani ya mshahara."

"Mshahara wa nani? Wa wifi yangu ni uleule, na Jumamosi haimo. Yeye Jumamosi amelala. Sasa hii yangu mmeiingiza lini, mkaificha wapi?"

"Mama, ni masharti ya idara."

"Bosi, mlipokuwa mnatukata, mwezi wetu mlikuwa mnauhesabu laki sita na ishirini na nne. Sisi hatukuitaja hiyo bei. Mliitaja ninyi. Basi tulipeni hiyo, au mtuachie Jumamosi kama wenzetu wa juu. Chagua. Sisi hatuna maringo, yoyote tunaichukua."

Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya, cha mdomo tu. Bwana Usawa aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba asiyekuja Jumamosi asije Jumatatu, na wa kwanza kutokuja Jumatatu ni yule anayejifanya kiongozi. Alipanda ngazi. Nyuma yake ngazi zilibaki na alama za viatu vilivyolowa.

Chuma hakulala usiku huo. Alijua vizuri anachoweka mezani. Mume yuko njiani, mgonjwa kitandani, na yeye ni mtu wa mashine moja tu, hajui kingine. Wifi alikuja akasimama mlangoni kwake, akasema tu, "Usiende mbali sana, wifi. Yule hatanii," akarudi kwake.

Jumamosi watu wa chini walikuja, lakini hawakuingia. Walikaa nje ya geti, wengine wamekuja na viti. Ndani mashine zilikuwa kimya na ukimya wake ulitisha; hata mfereji wa maji machafu haukutiririka. Lori la hospitali lilisimama limejaa magunia ya shuka chafu, likingoja kupewa safi. Jua lilipopanda magunia yalianza kusema yenyewe. Dereva wa lori alifunga pua kwa kola.

"Kuna watu wamelala kwenye magodoro matupu huko," alisema. "Maliza ugomvi wenu."

"Mwambie aliye juu," Chuma alimjibu, na lilimchoma, kwa sababu alijua mgonjwa kwenye godoro tupu anakuwaje.

Ndipo walipowaona watu wa ofisini. Walikuja kwa makundi, wengi wamevaa nguo za nyumbani, wanatazama chini. Bwana Usawa alikuwa amewapigia simu asubuhi hiyo: njooni mpige pasi wenyewe. Walipita kati ya wenzao bila salamu. Wa mwisho alikuwa wifi.

"Na wewe?" Chuma alisimama. "Mama umemwacha na nani?"

"Na jirani. Wifi, sikiliza." Wifi alimvuta pembeni, lakini hakushusha sauti, na wote wakasikia. "Ametuambia Jumamosi si siku yetu ya kazi, kwa hiyo tunalipwa juu ya mshahara. Ishirini na nne kila mtu. Ya leo tu."

"Kwa kupiga pasi?"

"Kwa kupiga pasi."

"Mashine yangu? Shuka zilezile?"

"Mashine yako. Na mimi hata kuiwasha sijui."

Chuma aliinama, akatema mate chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya watu tangu azaliwe. Jumamosi ileile, rola zilezile, damu ileile ya wagonjwa walewale. Kwake imo ndani ya mshahara. Kwa wifi yake inalipwa taslimu. Na yule bwana hakuona aibu hata kidogo. Aliona utaratibu.

"Ingia," alimwambia wifi. "Nenda kachukue. Utanunulia mama nepi."

Wifi hakuondoka. Alisimama hapo na mkoba wake, akageuka kuangalia geti, akageuka kuangalia wale waliokaa kwenye viti. Mzee Sabuni, aliyekuja kwa ajili ya kushangaa tu, alisogea, akampa nafasi kwenye gogo lake la saruji. "Kaa, binti. Huna haja ya kuamua umesimama."

Akakaa. Alikaa kwenye saruji yenye vumbi na sketi yake ya kwendea kanisani.

Haikupita saa moja moshi ulianza kutoka kwenye madirisha ya chumba cha pasi. Haukuwa wa moto, ulikuwa na ile harufu ya pamba iliyoungua ambayo kila mtu wa chini aliijua. Karani wa manunuzi alitoka mbio anajipuliza vidole. Nyuma yake Bwana Usawa, bila leso, uso umelowa kama wa mtu wa chini. Mkononi alishika shuka lenye alama kubwa ya kahawia, umbo la rola.

Alitazama lori. Alitazama magunia. Akamjia Chuma.

"Njooni muingie. Jumamosi ya leo nawalipa juu ya mshahara."

"Ngapi?"

"Kiwango chenu ni ishirini. Kipo ubaoni."

"Hawa wako uliowaita, wasiojua kuwasha mashine, ni ngapi?"

Bwana Usawa alimtazama wifi aliyekaa kwenye gogo, na akaelewa kwamba hakuna siri iliyobaki. Dereva akapiga honi ndefu.

"Ishirini na nne," alisema kwa sauti ya chini. "Ya leo tu. Haya, tuko sawa?"

Lile neno lilimpanda Chuma mpaka kooni, akalimeza. "Usiniulize mimi tuko nini," alisema. "Geuka useme bei tena, wa nyuma hawajasikia. Na useme Jumatatu hakuna anayefukuzwa. Ya Jumamosi ijayo tutakaa tena hapahapa tuulizane."

Aligeuka. Akasema. Sauti yake haikufika nyuma, akalazimishwa aseme mara ya tatu, akipiga kelele, shuka lililoungua likining'inia mkononi mwake.

Ndipo Chuma alipoingia ndani, akafungua madirisha, akachukua kisu butu na kuanza kubandua kitambaa kilichogandia kwenye rola kabla ya kuiwasha upya. Ilikuwa kazi chafu, ya kukwangua taratibu, na ilinuka vibaya sana.